Njia ya mabasi Arusha: kabla ya rangi, tukubaliane nani anaingia

Jumatatu moja, saa moja na robo asubuhi, daladala yetu ya kutoka Tengeru ilikuwa imesimama hatua chache kabla ya Sanawari. Kushoto kwetu gari dogo jeupe lilikuwa linatanua, matairi mawili kwenye lami na mawili vumbini. Likafuatwa na bodaboda nne, kisha Noah. Wote walikwenda kuchomekea mbele, na sisi tuliokuwa kwenye mstari tukajikuta tumerudi nyuma bila gari kusogea. Mzee aliyekaa siti ya mbele akaguna: "Wangetuletea mwendokasi kama Dar, haya yangekwisha."

Konda akamjibu bila kugeuka: "Mzee wangu, hata Dar wanatanua humo humo kwenye mwendokasi."

Nadhani konda alikuwa karibu na ukweli kuliko mzee. Kila tunapozungumzia njia ya mabasi hapa Arusha, mazungumzo yanakimbilia kwenye zege, vituo vya vioo na mabasi marefu. Mambo yanayoamua kama njia itaishi au itakufa ni madogo kuliko hayo: nani anaruhusiwa kuingia, saa ngapi, na anayeingia bila ruhusa anapata nini. Barabara yetu ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, tayari ina upana wa kutosha kulijaribu jambo hili kwa ndoo za rangi. Lakini tukipaka rangi kabla ya kujibu hayo matatu, tutakuwa tumetengeneza njia rasmi ya kutanulia.

Tuanze na Dar es Salaam, maana ndiko wengi wetu tulikoiona njia ya namna hii kwa macho. Mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Njia yake iko katikati ya barabara, imejengwa kwa zege, na kwa sehemu kubwa imetengwa na magari mengine kwa kingo. Kanuni yake ni fupi: humo ni mabasi ya mradi tu, saa zote, pamoja na magari ya dharura yanapokuwa kazini, yaani ya wagonjwa, zimamoto na polisi. Daladala haimo, teksi haimo, bodaboda na bajaji hazimo. Hata usiku wa manane ambapo hakuna basi, njia inabaki imefungwa.

Kanuni fupi ina faida yake, kwa sababu trafiki hahitaji kutazama saa wala kuuliza umebeba nini. Ila ina adui mmoja mkubwa ambaye ni macho ya dereva aliyekwama pembeni. Yeye amekaa kwenye foleni dakika ishirini, na kulia kwake kuna njia nyeupe, safi, haina kitu. Moyoni anajiambia kwamba huu ni upotevu wa barabara.

Tupige hesabu ya huo "upotevu". Chukua basi refu, lile la mita 18 lenye kiungo katikati, limebeba watu 150, na linapita moja kila baada ya dakika mbili kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kwa mwendo huo, basi moja na linalofuata wanaachana kilomita nzima. Ndiyo maana ukisimama pembeni unaona utupu. Katika kilomita hiyo hiyo, kwenye njia ya kawaida iliyojaa, kila gari linachukua kama mita saba ukihesabu na nafasi ya mbele yake, hivyo yatakuwemo magari kama 140. Tuseme kila gari lina mtu mmoja na nusu kwa wastani, jumla ni watu 210. Wako wengi kuliko abiria wa basi, lakini wanatambaa kilomita tano kwa saa. Zidisha watu kwa mwendo: njia ya basi inavusha watu 4,500 kwa saa, na njia iliyojaa magari inavusha 1,050. Ile inayoonekana tupu inafanya kazi zaidi ya mara nne ya ile inayoonekana imejaa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inasimama juu ya basi moja kila dakika mbili. Mabasi yakipungua hadi moja kila dakika kumi, faida yote inayeyuka, na dereva wa pembeni anaanza kuwa na hoja. Dar walianza na mabasi 140 wakati awamu ya kwanza ilipangiwa 305. Abiria anayesubiri Kimara kituo kimejaa mpaka ngazini anajua maana ya tofauti hiyo. Watu huvamia njia inayokaa bila mabasi kwa urahisi kuliko inayopitiwa na basi kila wakati, kwa sababu uvamizi wake unaonekana hauna mtu wa kuumia. Jirani zetu wa Nairobi walichora njia nyekundu yenye maandishi ya BRT kwenye barabara ya Thika kabla mabasi yenyewe hayajakuwepo, na magari ya kila aina yakawa yanakanyaga rangi hiyo. Ukimzoesha dereva kukanyaga, kumzuia baadaye ni kazi mara mbili.

Kwani akiingia mmoja mmoja, madhara yako wapi? Swali hili nimeulizwa sana na marafiki wenye magari, na wanastahili jibu, maana kati ya kituo na kituo ni kweli gari dogo likipita halimcheleweshi mtu. Madhara yanaonekana kwenye mataa.

Pale Magomeni, njia ya kwenda Morocco inapochepuka, simama uangalie. Mahali ambapo basi lina zamu yake ya kijani, zamu hiyo huwa fupi kwa sababu imekusudiwa basi moja au mawili. Tuseme ni sekunde 20. Sasa magari madogo 20 yametangulia basi na yamepanga mstari kwenye taa nyekundu. Gari moja linahitaji kama sekunde mbili kuvuka mstari, kwa hiyo kijani hicho kinapitisha magari kumi tu. Basi, ambalo liko nyuma ya yote, linabaki. Linasubiri mzunguko mzima wa mataa, dakika moja na nusu au mbili, na safari hii magari kumi mengine yanavuka na kijani kinazima tena. Abiria 150 wamepoteza dakika tatu au nne kwa ajili ya watu 30 waliokuwa kwenye magari hayo.

Halafu balaa linaendelea mbele. Basi lililochelewa linakuta kituo kinachofuata kimejaza watu wa kulisubiri, linachukua muda kuwapakia, linachelewa zaidi. La nyuma yake linakuta kituo kimeshasafishwa, linapita haraka, linalikuta la mbele. Mwisho unaona mabasi mawili yameongozana, la kwanza watu wananing'inia na la pili lina siti wazi, kisha kimya cha dakika kumi. Abiria anamlaumu mwenye mabasi. Mara nyingine ana haki ya kumlaumu, lakini mara nyingine kosa lilifanyika kwenye mataa vituo vitatu nyuma.

Kwa bodaboda hesabu ni nyingine. Pikipiki haichukui nafasi, inajipenyeza mbele ya basi na kijani kikiwaka imeshaondoka. Hatari yake ni ya mwili. Basi la tani nyingi lililobanwa na kingo pande zote halina pa kukwepea, na mwendesha pikipiki anayekuja kinyume, akijua njia ni "tupu", hana pa kukimbilia. Abiria anayevuka kuelekea kituoni amezoea kutazama basi, kitu kikubwa kinachoonekana mbali. Hategemei pikipiki nyuma ya basi lililosimama.

Sasa adhabu. Kosa la barabarani analoandikiwa dereva wa gari papo kwa papo hapa kwetu ni shilingi 30,000. Kwa bodaboda na bajaji, Serikali iliishusha kutoka 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya 2021/22. Nilielewa sababu wakati ule, na bado naielewa: faini ya 30,000 ilikuwa inameza mapato ya kijana ya siku nzima au zaidi. Lakini tuangalie inavyofanya kazi kwenye njia ya mabasi. Tuseme anayeingia anakamatwa mara moja katika kila mara arobaini. Kwa mwenye gari, kila kuingia kumemgharimu wastani wa shilingi 750. Kwa bodaboda ni 250. Hiyo ni bei ya maandazi mawili kwa kukwepa nusu saa ya foleni, na mtu yeyote mwenye akili timamu atainunua.

Wepesi wetu ni kusema basi faini ipandishwe iwe laki tatu. Mimi sikubaliani. Faini kubwa isiyo na uhakika inazaa mazungumzo ya pembeni kati ya dereva na anayemkamata, na sote tunajua mazungumzo hayo huishia wapi. Ukiiacha 30,000 ilivyo lakini ukamkamata mmoja kati ya wanne, bei ya kuingia inafika 7,500 kila safari, na kwa bodaboda 2,500, ambayo inazidi nauli ya safari nyingi za mjini. Kinachotakiwa kupanda ni uhakika wa kukamatwa, na askari aliyesimama juani hawezi kuutoa. Akisimama Sanawari, watu wanaingia baada ya Sanawari.

New York wameweka kamera kwenye mabasi yenyewe. Basi likikuta gari njiani linapiga picha ya namba, mahali na saa, na likipita basi la pili gari likiwa bado pale, ushahidi umekamilika. Faini ya kwanza ni dola 50, na kwa anayerudia ndani ya miezi kumi na miwili inapanda dola hamsini kila kosa hadi 250. Napenda mpangilio huo kuliko kiwango chenyewe: aliyekosea njia mara moja anaonywa kwa bei nafuu, na aliyeigeuza kuwa barabara yake ya kwenda kazini analipa cha kumuuma. London wanatumia kamera pia. Hati ya malipo ni pauni 160, ukilipa ndani ya siku 14 inakuwa nusu, na mwenye gari anaweza kukata rufaa. Sisi tayari madeni ya faini yanasomeka kwa namba ya gari. Kamera mbili tatu kwenye vioo vya mbele vya mabasi si ndoto.

Hilo la rufaa nalitaja kwa makusudi, kwa ajili ya mgonjwa. Kila nikizungumza jambo hili mtu ananiuliza: je, nikiwa na mama mjamzito kwenye gari langu? Jibu langu ni kwamba usimwandikie ruhusa kwenye kanuni, kwa sababu kesho kila gari litakuwa na mjamzito. Mwache aingie kwa dharura yake, picha ipigwe, kisha apeleke karatasi ya hospitali na deni lifutwe. Gari la wagonjwa lenye king'ora lina haki kabla, na gari binafsi lipewe nafasi ya kujieleza baada.

Nikirudi nyumbani Arusha, hapa ndipo kuiga Dar kunapogoma. Mabasi ya mwendokasi yanapakia upande wa kulia, kwa kuwa vituo viko katikati ya barabara. Daladala zetu mlango uko kushoto. Ukiipeleka Hiace katikati ya barabara ya Sakina–Tengeru, abiria atashukia kwenye magari yanayokimbia. Kwa hiyo, kama hatununui mabasi mapya kesho, njia yetu itakuwa ya kushoto kabisa, kando ya barabara. Na kushoto ndiko kuna kila kitu: bodaboda wanaosubiri abiria, mama wa ndizi, pikapu inashusha soda, gari linaloingia dukani, gari linalokata kona. Aliye njia ya katikati anapambana na mataa. Wa kushoto anapambana na mji mzima.

Ndiyo maana kwa njia ya kushoto saa zote ni kosa. Mwenye duka Kimandolu lazima ashushe mzigo wakati fulani, na ukimnyima saa 24 atashusha tu, na wewe utakuwa umemfundisha kupuuza alama. Mimi ningefunga njia ya kuingia mjini asubuhi peke yake, saa kumi na mbili hadi saa tatu, na ya kutoka mjini jioni, saa kumi hadi saa moja. Mchana kila mtu apite. Mistari isiyokatika ikatizwe mita 40 hivi kabla ya kila kona, ili anayekata kushoto aingie halali badala ya kukata mbele ya daladala kwa ghafla.

Kuna mtego mmoja ambao ni wetu wenyewe, na sijawahi kusikia mtu akiutaja. Kibao kitaandikwaje? Ukiandika "12:00 – 3:00", Mswahili anasoma kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na dereva wa shato kutoka Nairobi aliyezoea saa za kizungu anasoma kuanzia adhuhuri. Ukiandika "06:00 – 09:00", kuna mzee wa Ngaramtoni atakayeamini ni kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, na atajitetea kwa nia njema kabisa. Kibao kiandike "asubuhi" kwa herufi kubwa, kiwe na mchoro wa jua linalochomoza kama ni lazima, na saa kwa namna mbili. Kamera haijali lugha, lakini anayesikiliza rufaa atajali.

Na nani aingie? Daladala zenye leseni ya LATRA ya njia hiyo, Koosta za Moshi, mabasi ya shule, magari ya dharura. Bodaboda nje, kwa sababu niliyokwisha kueleza. Kisha subiri simu zitakazopigwa. Hapa kwetu wa kwanza kuomba ruhusa maalumu watakuwa wenye magari ya watalii, na hoja yao itakuwa tamu: mgeni ana ndege, mgeni analeta dola, mgeni asione foleni. Nyuma yao watakuja wa hoteli, wa mikutano, na wenye mashangingi wanaowasha taa mbili za dharura kana kwamba taa hizo ni kibali. Lendikruza ya safari ina watu sita au saba. Daladala ina kumi na nne na zaidi, tena mbanano. Ukimruhusu wa kwanza huna hoja ya kumzuia wa pili, na Arusha ina magari ya kitalii ya kutosha kuijaza njia yote peke yao. Michuano ya mataifa ya Afrika ya 2027 itatuletea majaribu hayo kwa wingi.

Kikwazo kikubwa lakini ni daladala zenyewe, na hapa nawaomba radhi makonda rafiki zangu. Chukua kituo chenye nafasi ya Hiace tatu. Kila moja ikikaa sekunde 30 na kutumia 15 kuingia na kutoka, kituo kinaweza kuhudumia 240 kwa saa kwenye karatasi, tuseme 160 kwa hali halisi, kwa kuwa ya mbele huzuia za nyuma. Sasa ziache zisubiri abiria dakika mbili mbili huku mpigadebe akigonga bati. Uwezo unaanguka hadi 80, tena kwenye karatasi. Kama zinakuja 120 kwa saa, moja kila nusu dakika, basi kila saa zinabaki 40 bila nafasi. Mita saba kila moja, hiyo ni foleni ya mita 280 ya daladala tupu ndani ya njia ya daladala. Hakuna gari binafsi hata moja lililoingia, na njia imekufa.

Kwa hiyo kanuni ya nani aingie lazima iwe na nusu ya pili: aingie kufanya nini. Kupakia na kushusha nusu dakika, basi. Kusubiri kujaza kufanyike stendi, na anayezidisha apigwe picha sawa na anayetanua. Dawa kamili ni kubadili malipo ya dereva, maana anasubiri kwa sababu ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, lakini hilo lina makala yake.

Ningependa tujaribu kwa kipande kimoja, Kimandolu hadi Sanawari, miezi mitatu, asubuhi tu, rangi na koni. Mtu mmoja ahesabu dakika za daladala kati ya vituo hivyo kabla na baada. Mwingine asimame kona ahesabu wasioruhusiwa. Wakizidi mmoja kwa kila daladala mbili, kamera kwanza, rangi baadaye.

Asubuhi ile, tukiwa bado hatujavuka, nilimweleza konda wazo la nusu dakika kituoni. Alifikiri kidogo, akatazama abiria mmoja aliyekuwa anakuja taratibu kutoka upande wa pili akipunga mkono.

"Kwa hiyo kaka," akasema, "wa kwanza kuandikiwa ni mimi." Kisha akagonga bati mara moja, na tukamsubiri yule abiria.